Kivu: Homa ya anayemeza vidonge vya tezi ya shingo isitibiwe kama malaria tu

Katika vituo vingi vya afya vya Kivu, mtu akifika na homa, jambo la kwanza ni kumtoboa kidole na kupima malaria. Kipimo kikionyesha mstari, anapewa dawa ya malaria na kurudi nyumbani. Kwa wagonjwa wengi utaratibu huo ni mzuri na umeokoa watoto wasiohesabika. Lakini kuna kundi moja la wagonjwa ambalo kwao utaratibu huo unaweza kuua. Ni wale wanaomeza vidonge vya kutuliza tezi ya shingo, ile ambayo waganga wanaiita tiroidi. Kwa hao, homa yenye maumivu ya koo ni alama ya hatari, na swali la kwanza si malaria. Swali la kwanza ni hili: je, chembe nyeupe za damu bado zipo?

Wengi wa wagonjwa hao hawajawahi kuambiwa jambo hilo. Wanapewa vidonge ndani ya karatasi au mfuko mdogo wa plastiki, wanaambiwa vingapi asubuhi na vingapi jioni, basi. Hilo ndilo linalopaswa kubadilika, na kulibadilisha hakuhitaji mashine mpya wala pesa nyingi.

Ugonjwa wa tezi si jambo geni huku. Rovu, ule uvimbe wa shingoni, limejulikana kwa wazee wa milima ya Kivu tangu zamani, na kisiwa cha Ijwi katika ziwa Kivu kilikuwa mojawapo ya mahali pa dunia ambapo waganga walikwenda kulichunguza kwa miaka mingi. Sababu kubwa ilikuwa upungufu wa iodini katika chakula. Baadaye ikaja chumvi yenye iodini, na rovu likapungua. Lakini baadhi ya watu waliokuwa na rovu la zamani, tezi yao ilipopata iodini kwa ghafula ilianza kufanya kazi kupita kiasi. Mwaka 1996 watafiti waliandika juu ya jambo hilo hilo kwa wagonjwa wa Kivu. Kuna pia ugonjwa wa Bazedo, ambao kinga ya mwili yenyewe inaisukuma tezi, na unawapata zaidi wanawake walio bado na umri wa kuzaa.

Tezi ikizidisha kazi, mtu anakonda ingawa anakula. Moyo unakimbia, mikono inatetemeka, jasho linamtoka hata wakati wa baridi, usingizi unapotea, na wengine macho yanatokeza nje. Ugonjwa huo ukiachwa unaharibu moyo na unaweza kuua. Kwa hiyo vidonge ni vya lazima, na mtu asisikie habari hizi akavitupa. Vidonge vyenyewe ni vya aina chache: karbimazoli, ambayo wengine wanaijua kwa jina la Neomerkazoli, tiamazoli, inayoitwa pia metimazoli, na propilthiourasili, ambayo kwenye ordonansi huandikwa PTU. Karbimazoli ikifika mwilini inageuka kuwa tiamazoli, kwa hiyo hizo mbili ni kama dawa moja yenye majina mawili.

Dawa hizo wengi wanazivumilia vizuri. Kuna wanaopata upele na kuwashwa ngozi, na kwa kawaida mganga anaweza kulituliza jambo hilo. Lakini kuna madhara mawili makubwa ambayo hayatokei mara nyingi, na yakitokea hayangojei. La kwanza ni kuisha kwa chembe nyeupe za damu. La pili ni kuumia kwa ini.

Chembe nyeupe ni askari wa mwili. Miongoni mwao kuna aina moja, waganga wanaiita netrofili, ambayo ndiyo inayokimbilia vijidudu vya koo, vya mapafu na vya vidonda. Askari hao hawaishi muda mrefu. Kila siku uboho ulio ndani ya mifupa unatengeneza wengine wapya. Kwa watu wachache, wawili hadi watano hivi katika kila 1,000, vidonge vya tezi vinaufanya mwili uwaangamize askari hao na kuziba mahali wanapotengenezwa. Kwa kuwa waliobaki ndani ya damu wanaishi muda mfupi, ndani ya siku chache kambi inabaki tupu. Vijidudu ambavyo kila mtu anaishi navyo kinywani bila shida vinageuka kuwa adui wa kuua.

Ndiyo maana alama ya kwanza inaonekana kinywani na kooni. Mgonjwa anapata homa kali, baridi, koo linauma hata kumeza mate ni shida, na vidonda vinatokea kwenye fizi, ulimi au ndani ya mashavu. Mara nyingi jambo hilo linatokea katika miezi mitatu ya kwanza tangu kuanza vidonge, na kwa karbimazoli hatari inapanda pale dozi inapokuwa kubwa. Lakini mtu asidhani kwamba baada ya miezi mitatu amepona hatari yote. Linaweza kutokea hata baadaye.

Hapa kuna jambo linalowahusu sana wahami. Mtu aliyeacha vidonge kwa sababu alikimbia vita, kisha akavianza tena baada ya miezi kadhaa, anahesabiwa kama anayeanza upya. Kwamba mara ya kwanza havikumdhuru si dhamana kwamba mara ya pili havitamdhuru. Siku za kuwa macho zinaanza kuhesabiwa tena kuanzia kidonge cha kwanza cha safari hiyo mpya. Katika Kivu, ambako familia moja inaweza kuhama mara tatu au nne, kuacha na kuanza tena ni jambo la kawaida, na ni nadra kukuta mtu aliyeambiwa hilo.

Ili jambo lieleweke, uchukuliwe mfano wa mama wa miaka 34, mhami kutoka Masisi, anayeishi kwa jamaa zake. Ni mfano tu, lakini kila hatua yake ni ya kawaida. Hospitalini wamemkuta na Bazedo. Anaandikiwa karbimazoli miligramu 40 kwa siku, pamoja na propranololi ya kutuliza moyo. Baada ya mwezi mmoja anajisikia vizuri, moyo umetulia, ameanza kunenepa kidogo.

Siku ya 37 anaamka na homa na maumivu ya koo. Anakwenda kituo cha afya kilicho karibu. Muuguzi anampima malaria kwa kipimo cha haraka, na mstari unatokea, mwembamba. Muuguzi haulizi kama kuna dawa nyingine anazomeza, na mama hasemi, kwa sababu hajui kwamba vidonge vya shingo vina uhusiano wowote na koo. Anapewa dawa ya malaria, amoksisilini ya kumeza, na sindano ya novaljini ya kushusha homa. Anarudi nyumbani na kuendelea na vidonge vyake vya tezi asubuhi na jioni, kama alivyoagizwa. Siku ya 40 hawezi tena kumeza hata maji. Wanamfikisha hospitali akiwa anahema, mapigo ya damu yameshuka. Damu yake inapimwa: chembe nyeupe ni 1,200 tu, na netrofili ni 5 kwa 100. Maana yake ana netrofili 60 mahali ambapo mtu mzima kwa kawaida anakuwa na zaidi ya 1,500. Hapo waganga wanapigania uhai wake, na hakuna anayeweza kuahidi matokeo.

Yafaa kuangalia wapi njia ilipotea, kwa sababu si mahali pamoja tu.

Kwanza, mstari wa malaria. Kipimo cha haraka kinachotumika sana kinatafuta alama ya kimelea, na alama hiyo inaweza kubaki ndani ya damu kwa wiki kadhaa baada ya malaria kutibiwa. Mama aliyeugua malaria wiki tatu zilizopita anaweza kuonyesha mstari leo ingawa homa ya leo ina sababu nyingine. Na hata kama malaria ipo kweli, kuwa nayo hakumzuii mtu kuishiwa na chembe nyeupe siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka hakioni chembe za damu hata moja. Kwa hiyo mstari si jibu la swali linaloulizwa.

Pili, dawa alizopewa. Novaljini, inayouzwa ovyo katika famasi nyingi na hata sokoni, yenyewe inajulikana kwa kuweza kuangamiza chembe nyeupe. Amodiakini, iliyomo ndani ya mojawapo ya dawa za malaria zinazotumika Kongo, nayo inajulikana hivyo, na pia kwa kuumiza ini. Kwa sababu hiyo iliachwa, miaka ya 1980, kama dawa ya wasafiri ya kumeza kila wiki kwa kujikinga. Kutibu malaria kwa siku tatu ni jambo tofauti na kujikinga kwa miezi, na kwa mgonjwa wa kawaida faida inazidi hatari. Lakini kwa mtu ambaye labda hana tena askari, kumwongezea dawa mbili zenye tabia hiyo hiyo si busara. Akiwa kweli na malaria, ipo dawa isiyo na amodiakini, na homa inaweza kushushwa kwa parasetamoli katika dozi yake ya kawaida. Kotrimoksazoli, ambayo watu wanaipenda kwa koo na tumbo, nayo inaweza kupunguza chembe nyeupe.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, aliendelea kumeza vidonge. Siku tatu hizo zilikuwa siku za kuacha. Wengi wanaogopa kwamba kuacha hata siku moja kutarudisha ugonjwa wa tezi. Hofu hiyo haina msingi kwa siku chache. Vidonge hivi havifuti homoni iliyokwisha kutengenezwa; vinazuia mpya isitengenezwe. Ndiyo sababu huchukua wiki kadhaa kabla ya mgonjwa kuona nafuu, na ndiyo sababu pia kuacha siku moja au mbili, akingoja majibu ya damu, hakumletei madhara. Propranololi anaweza kuendelea nayo, mganga asipomzuia.

Sasa njia ya pili. Mama ni yule yule, siku ni ile ile ya 37, lakini siku ya kwanza aliambiwa sentensi moja na kupewa kikaratasi. Akiamka na homa na koo, hamezi kidonge cha asubuhi. Anachukua kikaratasi na vidonge vyake, anakwenda kituoni na kusema: “Ninameza dawa ya tezi, nimeambiwa nipimwe chembe nyeupe leo.” Muuguzi anampima malaria, hilo si kosa, lakini pia anaomba hesabu ya chembe nyeupe na mgawanyo wa aina zake, ambayo kwenye karatasi za labo huandikwa GB na FL. Majibu: chembe nyeupe 2,900, netrofili 12 kwa 100. Mhudumu wa labo anazidisha 2,900 kwa 12, anagawa kwa 100, anapata 348.

Hesabu hiyo ndogo ina maana kubwa. Mtu akisoma 2,900 peke yake anaweza kusema imepungua kidogo, tungoje. Ni ile 348 inayosema ukweli. Chini ya 1,000 vidonge haviruhusiwi tena, na chini ya 500 ni dharura. Mama anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, akiwa bado anatembea kwa miguu yake. Anawekewa antibiotiki kali za mshipani bila kungoja, anawekwa mahali pasipo na msongamano wa wagonjwa wenye kikohozi, na vidonge vya tezi havigusi tena. Kwa kawaida, dawa ikiisha kuachwa mapema, chembe zinaanza kurudi ndani ya wiki moja hadi mbili. Hospitali kubwa zina sindano ya kuusukuma uboho uharakishe, lakini hata pasipokuwa na sindano hiyo, kinachookoa zaidi ni kuacha vidonge mapema na antibiotiki za mshipani.

Tofauti kati ya njia hizo mbili si hospitali wala utajiri. Ni siku tatu na sentensi moja.

Watu watauliza kama vituo vidogo vinaweza kufanya hesabu hiyo. Kituo chochote chenye darubini kinachotafuta malaria kwenye kioo kinaweza, mhudumu wake akiwa amefundishwa. Kinachohitajika ni chumba kidogo cha kioo cha kuhesabia, maji ya Turki yanayoziacha chembe nyeupe zionekane, na tone la damu lililopakwa kwa wembamba na kutiwa rangi ya Gimsa, ambayo labo inayo tayari kwa ajili ya malaria. Tena, mhudumu anayehesabu vimelea kwenye kioo huwa anahesabu pamoja na chembe nyeupe. Akiona anazunguka kioo kizima bila kuzikuta, asinyamaze. Amtafute muuguzi na kumuuliza mgonjwa huyu anameza nini. Mahali ambapo hakuna darubini kabisa, uamuzi uwe mwepesi: homa na koo kwa mtu wa vidonge vya tezi ni kuacha vidonge na kupelekwa hospitali, bila kungoja hesabu.

Lipo swali lingine la haki: kwa nini wagonjwa wote wasipimwe damu kila wiki mbili, kama wanavyoagiza waganga wa Japani kwa miezi miwili ya kwanza? Mwongozo wa waganga wa Marekani wa mwaka 2016 haukuagiza hivyo, kwa sababu chembe huanguka kwa ghafula. Mtu anaweza kupimwa Jumatatu akaonekana mzima, na Ijumaa akawa taabani. Mwongozo huo unataka damu ipimwe kabla ya kuanza vidonge, na mgonjwa aelezwe madhara, ikiwezekana kwa maandishi. Kwa Kivu, ambako kipimo kinalipwa kwa franka za familia, njia hiyo ya pili ndiyo yenye akili. Pesa ya vipimo viwili iwekwe: kimoja kabla ya kidonge cha kwanza, kingine kiwe akiba ya siku ya homa.

Kipimo cha kabla ya kuanza si mapambo. Waafrika wengi wenye afya kamili wamezaliwa na netrofili chache kuliko zile zinazoandikwa katika vitabu vya Ulaya. Mtu anaweza kuishi maisha yake yote na 1,300 au 1,400 bila kuugua kwa sababu hiyo. Isipojulikana alianzia wapi, siku ya homa muuguzi anaweza kumnyang'anya dawa anayoihitaji kwa kushtushwa na hesabu iliyo ya kawaida kwake. Kipimo hicho kiandikwe kwenye fishi na pia kwenye kikaratasi anachobaki nacho mgonjwa, kwa sababu vita ikija fishi inabaki kituoni na kituo kinaweza kuungua.

Ini nalo lina hadithi yake, na hapa vidonge havilingani. PTU ndiyo inayoogopwa zaidi. Inaweza kuua nyama ya ini kwa upana, kwa watoto zaidi kuliko watu wazima, na baadhi ya wagonjwa wamekufa au kuhitaji kubadilishiwa ini, jambo ambalo kwa mtu wa Kivu ni sawa na kusema hakuna tiba. Mwaka 2010 wakuu wa dawa wa Marekani waliamuru PTU iwekewe onyo lao kali kuliko yote. Tangu hapo waganga wengi wanaanza na karbimazoli au tiamazoli, na PTU wanaiweka kwa ajili ya hali chache. Karbimazoli nayo inaweza kugusa ini, lakini zaidi inaziba njia ya nyongo, na hilo mara nyingi linapona vidonge vikiachwa.

Mgonjwa hahitaji kujua hayo yote. Anahitaji kujua alama. Mkojo unakuwa mweusi kama chai isiyo na maziwa hata kama amekunywa maji ya kutosha. Choo kinapauka kama udongo mweupe. Sehemu nyeupe ya macho inakuwa ya manjano, na hiyo itazamwe nje kwenye mwanga wa mchana, kwa maana taa ya betri au ya mafuta hudanganya. Mwili unawasha bila upele, chakula kinamchukiza, kichefuchefu hakiishi, na chini ya mbavu za kulia panauma. Alama hizo zikitokea, sheria ni ile ile: acha vidonge leo, nenda upimwe ini leo. Asianze dawa za miti za kusafisha nyongo, asimeze parasetamoli nyingi, asinywe pombe. Ini lililoumia halihitaji kazi nyingine.

Na hapa pia kipimo cha mwanzo kina faida. Ugonjwa wa tezi wenyewe unaweza kupandisha kidogo vipimo vya ini, na homa ya ini ya aina ya B ipo kwa watu wengi wasiojua. Asipopimwa kabla, itakuwa vigumu kusema kama kosa ni la kidonge au lilikuwapo tangu zamani.

Jambo moja linawahusu wanawake peke yao. Karbimazoli na tiamazoli zikimezwa katika wiki za kwanza za mimba zinaweza kumharibu mtoto anapojengeka. Ndiyo mojawapo ya hali zile chache ambazo mganga anachagua PTU, kwa miezi mitatu ya kwanza. Kwa hiyo mwanamke aambiwe tangu mwanzo: ukikosa siku zako, usingoje tumbo lionekane, nenda ukaseme. Asiache mwenyewe wala kubadilisha mwenyewe kwa kununua kidonge cha jirani.

Vidonge vya jirani ni balaa jingine. Kambini na katika nyumba zinazopokea wahami, watu wanagawana dawa kama wanavyogawana unga, na inaeleweka kwa nini. Lakini mtu ambaye chembe zake ziliisha kwa karbimazoli asipewe tena karbimazoli, wala tiamazoli, wala PTU, maisha yake yote, kwa sababu mwili uliokataa mmoja unaweza kukataa na ndugu yake. Ugonjwa wake wa tezi utashughulikiwa kwa njia nyingine, kama upasuaji, ambao unatayarishwa na hospitali. Jina la dawa iliyomdhuru liandikwe na familia ilijue, si yeye peke yake, kwa kuwa siku ya kuugua sana si yeye atakayeongea.

Wapo waganga wanaosema kwamba kumweleza mgonjwa hatari hizi ni kumtisha, na kwamba ataacha dawa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mtu aliyeacha vidonge kwa hofu anaweza kurudi akiwa na moyo uliochoka. Lakini ipo namna ya kusema. Ukimwambia mama kwamba kati ya watu 1,000 wanaomeza dawa hii, 995 au zaidi hawatapata shida ya chembe nyeupe, kisha ukamwonyesha alama ya wale wachache na la kufanya, humtishi. Unampa ufunguo. Kinachomtisha mtu ni kumwona jirani akifa kwa “malaria” siku ya nne ya matibabu, bila yeyote kueleza sababu.

Kwa hiyo kila hospitali na kila famasi inayotoa vidonge hivi inapaswa kumpa mgonjwa kikaratasi kimoja, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani kwake, na kumsomea kwa sauti mbele ya mtu wa familia. Kwa asiyejua kusoma, mtu huyo wa familia ndiye kikaratasi. Maneno yake yanatosha kuwa haya:

“Ninameza dawa ya tezi ya shingo. Jina lake ni … Nilianza tarehe … Chembe nyeupe kabla ya kuanza: … Nikipata homa, maumivu ya koo au vidonda vya kinywa, ninaacha vidonge siku hiyo hiyo na ninapimwa chembe nyeupe siku hiyo hiyo, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha mstari. Nikiona macho ya manjano au mkojo mweusi, ninaacha vidonge na ninapimwa ini. Sirudii vidonge mpaka mganga aone majibu. Nikishika mimba, ninasema mapema.”

Kwa upande wa wauguzi wa vituo, wao ndio wanaoonana na homa kabla ya mganga yeyote. Wakuu wa maeneo ya afya wawaongezee swali moja tu kabla ya kutoa dawa ya malaria kwa mtu mzima: “Unameza dawa gani nyingine?” Mgonjwa akijibu ni za shingo, muuguzi atazame kinywani kwa tochi, aseme vidonge visimame, kisha aagize chembe nyeupe zihesabiwe kabla jua halijatua.